Blanketi la kona hadi kona kutoka kwenye grafu ya rangi: jahazi la miraba 80

Blanketi la kona hadi kona huanzia kwenye mraba mmoja pembeni, likapanuka mshazari mstari kwa mstari, kisha likapungua hadi kuishia kwenye mraba mmoja wa kona ya pili. Kila mraba wa uzi unasimama badala ya mraba mmoja wa grafu, ndiyo maana mtindo huu unapendwa kwa picha na herufi. Picha yenyewe haisumbui sana. Kinachosumbua ni pande za blanketi kupinda na mpaka wa rangi kuwa na madoa. Hayo yote mawili yanaamuliwa na mahali padogo sana: ule mshono wa kuteleza unaounganisha mraba mpya na mstari wa chini yake. Nitakuonyesha kwa jahazi dogo lenye upana wa miraba 8 na urefu wa miraba 10. Ukilimaliza hilo, utaweza kufuma grafu ya ukubwa wowote.

Vifaa

Tumia uzi wa akriliki wa unene wa kati na sindano ya kroshia ya milimita 5. Kwa mchanganyiko huo mraba mmoja hutoka na upande wa sentimita 2 hivi, lakini mikono haifanani, kwa hiyo pima wako. Rangi ni tatu: samawati ya anga na maji, kahawia ya chombo na mlingoti, nyeupe ya tanga. Tafuta pia mkasi, sindano butu ya kufichia ncha za uzi, na vibanio vya nguo vichache vya kuzungushia madonge madogo ya uzi. Grafu unaweza kuichora kwenye daftari la hesabu la miraba.

Mishono ya picha ni mitatu tu. Cheni unaijua. Nguzo ni ule mshono mrefu: zungusha uzi kwenye sindano, ingiza, vuta uzi uwe na vitanzi vitatu, vuta kupitia viwili, kisha kupitia viwili vilivyobaki. (Ukikuta maelezo ya Kimarekani wanaiita dabo, ya Kiingereza cha Uingereza wanaiita trebo, na ni nguzo hiyo hiyo moja.) Wa tatu ni mshono wa kuteleza: ingiza sindano, vuta uzi, upitishe moja kwa moja kwenye kitanzi kilichoko kwenye sindano.

Mraba wa kwanza na kuongeza

Funga kitanzi, fuma cheni 6. Ingiza nguzo kwenye cheni ya 4 kuanzia kwenye sindano, bila kuhesabu kitanzi kilichoko kwenye sindano, kisha nguzo kwenye ya 5 na ya 6. Umepata mraba mmoja: nguzo 3, na pembeni yake cheni 3 zilizosimama. Kati ya hizo cheni 3 na nguzo ya kwanza kuna kitundu. Hicho kitundu ndicho utakachokuwa unakitafuta tangu sasa hadi mwisho wa blanketi.

Mstari wa pili unaanza kwa kuongeza. Geuza kazi, fuma cheni 6, nguzo kwenye cheni ya 4, ya 5 na ya 6. Mraba huo mpya unaning'inia pembeni. Ulaze ubavuni mwa mraba wa kwanza, kisha ingiza sindano kwenye kitundu cha mraba wa kwanza na ufume mshono wa kuteleza. Fuma cheni 3, na kwenye kitundu hicho hicho weka nguzo 3. Sasa una miraba miwili. Mstari wa tatu ni vivyo hivyo: cheni 6, nguzo 3, mshono wa kuteleza kwenye kitundu cha kwanza, cheni 3, nguzo 3, na kitundu kinachofuata pia. Kila mstari unapata mraba mmoja zaidi ya uliotangulia.

Upande wa kuongeza huwa na tabia ya kulegea na kutoa vipindo kama marinda, kwa sababu zile cheni 6 hazishikwi na kitu. Kuna dawa mbili, na mimi hutumia zote pamoja. Kwanza, fuma cheni hizo kwa kubana kidogo kuliko kawaida yako. Pili, usiingize nguzo kwenye uso wa cheni. Igeuze kidogo uone nundu ndogo zilizojipanga mgongoni mwake, na uingize nguzo kwenye nundu hizo. Ile sura ya cheni, yenye umbo la V, inabaki nje kama ukingo safi, na ukingo huo unafanana sana na ule wa upande wa kupunguza. Kama upande bado unatoa marinda baada ya mistari 6 au 7, jaribu cheni 5 badala ya 6, nguzo zikiingia kwenye cheni ya 3, ya 4 na ya 5. Ukichagua hivyo shikilia hivyo hadi mwisho, maana ukichanganya, ukingo utaonyesha.

Kupunguza

Kupunguza ni vitendo viwili, kimoja mwishoni mwa mstari na kimoja mwanzoni mwa unaofuata, na wengi husahau kile cha kwanza.

Mwishoni mwa mstari, ukifika kwenye kitundu cha mwisho kabisa, fuma mshono wa kuteleza ndani yake kisha simama. Usifume cheni wala nguzo. Geuza kazi.

Sasa uko juu ya mraba wa mwisho uliofuma, na unahitaji kufika kwenye kitundu chake kilichoko upande wa pili. Tembea juu ya nguzo zake 3 kwa mshono wa kuteleza mmoja kwa kila nguzo, kisha mwingine ndani ya kitundu. Hapo fuma cheni 3 na nguzo 3, uendelee na mstari kama kawaida.

Mishono hiyo mitatu ya kutembea ndiyo inayokaza upande wa kupunguza. Ukiibana, ukingo utakunjamana, na kona ya mwisho ya blanketi itakuwa fupi kuliko kona ulikoanzia. Ukifika kwenye mishono hiyo vuta kila kitanzi juu kidogo kabla ya kuingia kwenye nguzo inayofuata, na upitishe sindano chini ya nyuzi zote mbili za kichwa cha nguzo. Kipimo ni rahisi: laza kazi mezani bila kuivuta. Kama upande wa kupunguza unajiinua kama ukingo wa sahani, umebana. Fumua mstari huo huo, usingoje mingine mitano.

Kusoma grafu mshazari

Hili ndilo jahazi letu. S ni samawati, K ni kahawia, N ni nyeupe. Namba za pembeni ni za safu za grafu, kuanzia chini.

```
10  S S S S S S S S
 9  S S S S S N S S
 8  S S S S N N S S
 7  S S S N N N S S
 6  S S N N N N S S
 5  S N N N N N S S
 4  S S S S K S S S
 3  S K K K K K K S
 2  S S K K K K S S
 1  S S S S S S S S
```

Anayefuma kwa mkono wa kulia aanzie kona ya chini kulia. Mraba huo peke yake ndio mstari wa 1. Mstari wa 2 ni miraba miwili inayougusa, mmoja kushoto kwake na mmoja juu yake. Mstari wa 3 ni miraba mitatu ya mshazari unaofuata, na kuendelea. Mistari yenye namba witiri (1, 3, 5) ndiyo uso wa blanketi, na kwenye grafu inasomwa kushuka: kutoka ukingo wa kulia kwenda chini kushoto. Mistari yenye namba shufwa (2, 4, 6) unaifuma ukiangalia mgongo, na kwenye grafu inasomwa kupanda: kutoka ukingo wa chini kwenda juu kulia. Anayefuma kwa mkono wa kushoto aanzie kona ya chini kushoto na ageuze pande hizo.

Ukikosea mwelekeo huu, hutajua mapema. Jahazi litatoka zima, ila limegeuka kama kwenye kioo, ncha ya juu ya tanga ikiwa upande usio wake. Kwa jahazi watu hawataona, lakini kwa jina la mtoto au methali iliyoandikwa kwa herufi, blanketi zima limeharibika. Kwa hiyo mara tu baada ya mstari wa 3, funga kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye uso wa kazi. Kinapokuangalia unapoanza mstari, mstari huo lazima uwe witiri.

Kabla ya kushika sindano andika mistari yote pembeni, ukihesabu kutoka kwenye grafu. Kazi hiyo ya kalamu huokoa mafumuo mengi sana. Hii hapa ya jahazi letu, mshale ukionyesha njia ya kusoma kwenye grafu:

```
 1 ↙  S1
 2 ↗  S2
 3 ↙  S3
 4 ↗  S1 K2 S1
 5 ↙  S2 K2 S1
 6 ↗  S1 K2 S3
 7 ↙  S2 N1 K3 S1
 8 ↗  S2 K1 S1 N2 S2
 9 ↙  S2 N3 S1 K1 S1
10 ↗  S2 N4 S2
11 ↙  S1 N5 S1
12 ↗  S6
13 ↙  S5
14 ↗  S4
15 ↙  S3
16 ↗  S2
17 ↙  S1
```

Idadi ya mistari daima ni upana ukijumlisha na urefu, ukatoa 1. Hapa ni 8 na 10, toa 1, yaani 17. Ukijumlisha miraba yote ya orodha lazima upate 80, yaani 8 mara 10. Hesabu na rangi moja moja pia: nyeupe 15, kahawia 11, samawati 54. Kama jumla ya orodha haifanani na jumla ya grafu, umeruka mraba mahali fulani, na ni nafuu kuujua ukiwa na kalamu mkononi.

Kubadili rangi

Tuko mstari wa 4: S1 K2 S1. Umeanza kwa kuongeza mraba wa samawati. Maliza nguzo yake ya tatu kabisa kwa samawati, hadi kibaki kitanzi kimoja kwenye sindano. Sasa ingiza sindano kwenye kitundu kinachofuata. Acha samawati, shika kahawia ukibakiza ncha ya sentimita 15, uivute kupitia kitundu na kupitia kile kitanzi cha samawati kwa pamoja. Yaani mshono wa kuteleza ndio unaofumwa kwa rangi mpya. Vuta uzi wa samawati taratibu hadi kitanzi chake kikae sawa, kisha fuma cheni 3 na nguzo 3 za kahawia, ukiilaza ile ncha ya sentimita 15 juu ya kitundu ili nguzo ziifunike.

Wako wanaobadili mapema zaidi, kwenye mvuto wa mwisho wa nguzo ya tatu, kama inavyofanyika kwenye kroshia ya mistari iliyonyooka. Hapa njia hiyo inaacha doa la rangi mpya juu ya kichwa cha mraba wa zamani, na kwenye picha ya miraba doa hilo linaonekana kama kosa la grafu. Ngoja mshono wa kuteleza.

Kuna mahali pamoja tu ambapo mvuto wa mwisho ndio sahihi: mstari mpya unapoanza kwa kuongeza na mraba wake wa kwanza una rangi tofauti na mraba uliomaliza nao. Hapo hakuna mshono wa kuteleza kabla ya cheni 6, kwa hiyo rangi mpya lazima iingie kwenye mvuto wa mwisho wa nguzo ya tatu, halafu ugeuze na kufuma cheni 6. Katika kupunguza ni kinyume. Ile mishono mitatu ya kutembea inakaa juu ya mraba wa zamani, kwa hiyo ifume kwa rangi ya zamani, na rangi mpya iingie kwenye mshono wa nne, ule wa ndani ya kitundu. Ukibadili mapema utapata mstari wa rangi ngeni kwenye ukingo.

Uzi unaoachwa lazima ubaki mgongoni mwa blanketi. Kwenye mistari witiri unaangalia uso, kwa hiyo sukuma uzi nyuma, mbali nawe. Kwenye mistari shufwa mgongo ndio unaokutazama, kwa hiyo uzi ubaki upande wako. Angalia hili kila unapoacha rangi, kwa sababu uzi uliokatiza usoni hauwezi kufichwa baadaye bila kufumua.

Jambo moja la kukupunguzia kazi: huna haja ya kusokota nyuzi mbili pamoja kwenye mpaka wa rangi. Katika kufuma kwingine husokotwa ili pasibaki tundu. Hapa kila mraba umeshikiliwa na mshono wa kuteleza kwenye mstari wa chini, na mpaka hauachani. Kusokota kunaleta nundu na madonge yaliyojifunga, basi.

Safari ya uzi kutoka mstari hadi mstari

Kila eneo la rangi liwe na donge lake. Mstari wa 4 una maeneo matatu, samawati, kahawia, samawati, kwa hiyo unahitaji donge la samawati la kushoto, la kahawia, na la pili la samawati la kulia. Zungusha mita chache chache kwenye vibanio vya nguo na uviache vining'inie mgongoni.

Uzi unakusubiri pale ulipouacha, mwisho wa mraba wake wa mwisho. Wakati mwingine mraba mpya unaanzia hapo hapo, na wakati mwingine kuna mraba mmoja wa rangi nyingine katikati. Mstari wa 5, S2 K2 S1, unaonyesha hali ya pili. Unaongeza mraba wa samawati, unafuma wa pili, na unapotaka kahawia unakuta iko nyuma kidogo, mwanzoni mwa huo mraba wa pili wa samawati. Iinue ipite mgongoni ubavuni mwa mraba hadi kwenye kitundu kinachofuata. Safari hiyo ni ya upande mmoja wa mraba, sentimita 2 hivi, na inapita kando ya mraba wa kahawia wa chini yake, kwa hiyo haionekani usoni. Iachie ulegevu. Laza kazi mezani kabla ya kuvuta, kwa maana uzi uliovutwa hewani kila mara huwa mfupi, na kitambaa kitajikunja hapo. Samawati ya kushoto nayo itasafiri vivyo hivyo mwishoni mwa mstari huo.

Mstari wa 6, S1 K2 S3, hauna safari hata moja. Kahawia inaanza pale pale ilipoachwa, na samawati ya kulia pia. Ukiona hivyo ujue eneo la rangi limesogea kuelekea unakotoka. Huna haja ya kukariri. Tazama uzi uko wapi, uufikishe kwenye kitundu bila kuubana.

Mstari wa 8 ndio mgumu kuliko yote kwenye jahazi hili: S2 K1 S1 N2 S2. Kati ya chombo na tanga kuna mraba mmoja tu wa samawati. Unaweza kuleta donge la tatu la samawati kwa ajili yake, lakini si lazima. Ukimaliza miraba miwili ya kwanza ya samawati, badili kwenda kahawia na uulaze uzi wa samawati juu ya kitundu, nguzo 3 za kahawia ziufunike ndani. Ukifika mwisho wa mraba huo samawati iko karibu, iinue ufume mraba wa katikati. Kisha nyeupe, ambayo inakusubiri tangu mstari wa 7. Kwenye mstari wa 9 unafanya hilo hilo ukirudi: samawati ya katikati inapita ndani ya mraba mmoja wa kahawia kufikia mraba wa mwisho wa kushoto.

Njia hii ya kuficha uzi ndani naitumia kwa mraba mmoja, kwa shida miwili, na pale tu rangi ya juu ni nzito kuliko inayofichwa. Kahawia inaimeza samawati vizuri. Nyeupe haiwezi kuimeza kahawia: uzi utaonekana kama kivuli katikati ya tanga, na utaonekana zaidi blanketi likifuliwa na kunyooka. Kwa nyeupe leta donge jingine.

Kona ya mstatili

Mraba kamili ungeongeza pande zote hadi katikati, kisha upunguze pande zote. Jahazi letu ni refu kuliko upana wake, kwa hiyo pande mbili hazifiki kona pamoja.

Mstari wa 8 una miraba 8, na huo ndio upana wote: mraba wake wa kwanza ni kona ya chini kushoto. Kuanzia hapo upande wa kushoto haupanuki tena, ila wa kulia bado una safari ya kupanda hadi safu ya 10. Mstari wa 9 unaanzia kulia, kwa hiyo uanze kwa kuongeza kama kawaida, na ukifika kitundu cha mwisho cha kushoto fuma mshono wa kuteleza na kusimama. Mstari wa 10 unaanzia kushoto, kwa hiyo uanze kwa kutembea juu ya nguzo 3, na ufume hadi kitundu cha mwisho cha kulia ukiweka mraba ndani yake. Mistari ya 8, 9 na 10 yote ina miraba 8, na mraba wa mwisho wa mstari wa 10 ndio kona ya juu kulia. Tangu mstari wa 11 unapunguza pande zote mbili: unaanza kwa kutembea na unamaliza kwa kusimama, hadi ubaki mraba mmoja.

Kosa linalotokea hapa ni kuongeza upande usiofaa. Dalili yake ni kwamba mstari una mraba mmoja zaidi ya orodha, na ubavuni panachomoza jino. Hesabu miraba ya kila mstari unapoumaliza tangu ufike kona ya kwanza. Weka alama mbili kwenye grafu kwa kalamu ya rangi, moja pale kona ya kwanza inapofika na nyingine pale kona ya pili inapofika. Kwetu ni mstari wa 8 na wa 10.

Kutoka kipande hadi blanketi

Jahazi hili litatoka na upana wa sentimita 16 na urefu wa 20 hivi. Kabla ya kuficha ncha zake, pima uzi. Fuma miraba 10 kando, weka alama uzi unapoishia, ifumue na upime urefu wa uzi, ugawe kwa 10. Tuseme umepata mita 1 kwa mraba.

Blanketi la mtoto la sentimita 80 kwa 100 linahitaji miraba 40 kwa 50, jumla 2,000. Jahazi la miraba 8 litapotea katikati yake, kwa hiyo likuze mara mbili: kila mraba wa grafu uwe miraba minne, miwili kwa miwili. Linakuwa 16 kwa 20, na ukiliweka katikati linabaki na miraba 12 kila ubavu na 15 juu na chini. Chora grafu upya kabisa. Usijaribu kuzidisha orodha ya mistari kwa 2, kwa sababu mshazari hauzidishwi hivyo: jahazi la 16 kwa 20 lina mistari 35, si 34, na mingi ina mgawanyo ambao hautauona kwenye orodha ya kwanza. Ukiwa na grafu mpya unaweza pia kuchonga ngazi za tanga, ukiongeza mraba mmoja mmoja kwenye mshazari wake ili uwe laini zaidi.

Bila kuchonga, nyeupe itakuwa miraba 60, kahawia 44, na samawati 1,896. Kwa mita 1 kila mraba, samawati inakaribia mita 1,900. Kama donge la gramu 100 lina mita 200, unahitaji madonge 10, na ongeza moja kwa ajili ya ncha na ukingo. Soma lebo uhakikishe yote yana namba moja ya rangi ya kiwandani, na uyanunue siku moja. Samawati mbili zenye tofauti ndogo, ambazo dukani huwezi kuzitenganisha, zitachora mstari wa mshazari katikati ya anga.

Ncha na ukingo

Ncha zilizofunikwa chini ya nguzo bado hazijamalizika. Akriliki inateleza, na ncha iliyopita njia moja tu itatoka baada ya kufuliwa mara chache. Chukua sindano butu, upitishe ncha ndani ya miraba ya rangi yake kwenda, kurudi, kisha kukata njia upande mwingine, ndipo ukate. Fanya kila baada ya mistari 10, usiziache zote mwishoni.

Ukingo unafumwa kwa nguzo fupi kuzunguka blanketi zima, 3 kwenye kila kona. Nguzo fupi haizungushiwi uzi kwanza: ingiza sindano, vuta uzi, kisha vuta kupitia vitanzi vyote viwili. Pembeni jaribu nguzo fupi 2 kwa kila mraba kwa umbali wa miraba 8. Ukingo ukivuta blanketi ndani, fumua uweke 3. Upande wa kuongeza na wa kupunguza unaweza kutaka idadi tofauti kama hukulingana mkono, na hakuna ubaya, mradi ukingo ulale bapa. Baada ya kufua, tandaza blanketi juu ya taulo, unyooshe kona kwa mkono na uliache likauke hapo hapo. Pasi ya moto isiguse akriliki kabisa, kwa maana nguzo zitalala bapa na kung'aa, na hazitasimama tena.